Zawadi Kubwa: Tuchukue Zote kwa Mkupuo au Kidogo Kila Mwaka?



Katika somo hili tunachukua swali moja. Kikundi kimeshinda zawadi kubwa, na wenye zawadi wanasema: "Chagueni. Mnaweza kuchukua pesa zote leo, au tuwe tukiwapa fungu kila mwaka." Mtajibu nini?

Katika mkutano majibu hutoka upesi. Mmoja husema, "Moja shika, si kumi nenda uje. Tupeni zetu sasa." Mwingine humjibu, "Haba na haba hujaza kibaba. Zikija zote zitaisha zote." Wote wawili wana haki, lakini methali haziwezi kuamua jambo hili. Linaamuliwa kwa hesabu kidogo, na kwa kujijua. Wala hatumwambii mtu akanunue tikiti ya bahati nasibu. Zawadi inaweza kutoka kwa mashindano ya kampuni ya sabuni au ya mbegu, na swali ni lile lile.

Leteni daftari na kalamu. Katibu aandike hesabu ubaoni au kwenye karatasi kubwa, ili kila mtu aione.

Zawadi moja, nambari mbili

Mahali ambapo swali hili huulizwa kila mara ni Amerika. Huko kuna bahati nasibu iitwayo Powerball. Mshindi wa zawadi kuu huchagua: alipwe mara 30, la kwanza papo hapo na mengine kila mwaka kwa miaka 29, ama achukue pesa taslimu mara moja.

Mwezi wa Januari 2016 zawadi hiyo ilitangazwa kuwa dola milioni 1,586. Lakini kwa mtu anayetaka taslimu, zawadi hiyo hiyo ilikuwa dola milioni 983.5 tu. Tikiti tatu zilishinda zikagawana, na washindi wote walichagua taslimu. Watu wengi walishangaa: mbona wamekubali kupoteza dola milioni mia sita?

Ukweli ni kwamba hawakupoteza pesa hizo, kwa sababu hazikuwapo bado. Pesa zilizokuwapo ni zile milioni 983.5. Mshindi akitaka kulipwa kila mwaka, pesa hizo hununuliwa bondi za serikali, na riba inayozaliwa kwa miaka 29 ndiyo inayofikisha ile nambari kubwa ya kwenye matangazo. Ni kama mtu kukuambia, "Nakupa ng'ombe huyu pamoja na ndama wote atakaozaa." Anayechukua mkupuo anaondoka na ng'ombe leo. Ndama atawatafuta mwenyewe, na wanaweza kuwa wengi au asipate hata mmoja.

Basi jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: usilinganishe jumla ya mafungu yote na mkupuo kana kwamba ni pesa za namna moja. Shilingi ya leo na shilingi ya miaka tisa ijayo si sawa.

Hesabu ya kikundi chetu cha mfano

Tuseme kikundi cha watu 20 kimeshinda. Wanaambiwa wachague Sh. 2,000,000 leo, au Sh. 300,000 kila mwaka kwa miaka 10, fungu la kwanza likiwa leo. Jumla ya mafungu ni Sh. 3,000,000. Je, hiyo milioni moja ya ziada ni faida ya kweli?

Njia rahisi ya kujua ni hii. Tujifanye tumechukua mkupuo, kisha tujilipe wenyewe Sh. 300,000 kila mwaka, na zinazobaki tuziweke mahali zizae. Halafu tuone kama zitafika miaka 10.

Kwanza, tuziweke chini ya godoro, ambako hazizai kitu. Zitatoa mafungu sita kamili, na mwaka wa saba zitabaki Sh. 200,000. Kikundi kimeshindwa na mafungu mapema sana.

Pili, tuziweke mahali panapotupa asilimia 8 kwa mwaka baada ya kodi. Tunajilipa Sh. 300,000 leo, zinabaki 1,700,000. Mwaka ukiisha zimekuwa 1,836,000. Tunajilipa tena, zinabaki 1,536,000. Tukiendelea hivyo, mwaka wa tisa tutakuta Sh. 255,593, ambazo hazitoshi fungu moja, na mwaka wa kumi hakuna kitu. Hapa pia mafungu yameshinda.

Tatu, tuziweke mahali panapotupa asilimia 12 baada ya kodi. Sasa tunajilipa mara zote kumi, na baada ya fungu la mwisho zinabaki Sh. 281,537. Hapa mkupuo umeshinda.

Katikati ya 8 na 12 kuna mpaka. Kwa zawadi hii mpaka ni karibu asilimia 10 na nusu. Kikundi kinachoweza kupata zaidi ya hapo kwa uhakika, mwaka baada ya mwaka, kina sababu ya kuchukua mkupuo. Kikundi ambacho pesa zake zitalala katika akaunti ya kawaida ya benki, inayotoa asilimia chache tu, kichukue mafungu. Zawadi nyingine itakuwa na mpaka wake tofauti, lakini njia ya kuutafuta ni hii hii: jilipe fungu, ongeza riba, jilipe tena, mpaka uone zinaishia wapi.

Bei zikipanda

Mtu mmoja mkutanoni atauliza, "Na kupanda kwa bei je?" Ni swali zuri.

Tuseme karo ya mtoto mmoja leo ni Sh. 50,000 kwa mwaka. Fungu la Sh. 300,000 linasomesha watoto sita. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, mwaka wa kumi karo itakuwa karibu Sh. 84,500. Fungu ni lile lile Sh. 300,000, lakini sasa linasomesha watoto watatu, na chenji isiyotosha wa nne. Hakuna aliyeiba. Ni pesa zimepungua nguvu.

Hapa kwetu Kenya tumewahi kuona vibaya zaidi. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa karibu asilimia 46, na kati ya 1990 na 1994 ziliongezeka karibu mara tatu. Mtu aliyeahidiwa fungu lisilobadilika mwaka 1990 alikuwa, kufikia 1994, akipokea kama theluthi moja ya alichoahidiwa, ingawa noti zilikuwa idadi ile ile.

Ndiyo sababu mafungu ya Powerball huongezwa asilimia 5 kila mwaka. Zawadi inayotangazwa kuwa dola milioni 100 huanza na fungu la karibu milioni 1.5, na fungu la mwisho ni karibu milioni 6.2. Kwa hivyo kikundi kikipewa ahadi ya mafungu, swali la kwanza la kumwuliza mwenye zawadi ni hili: "Je, fungu litaongezeka kila mwaka, au litabaki pale pale?"

Lakini tusidanganyike kwamba mkupuo una kinga dhidi ya bei. Pesa zilizowekwa benki nazo huliwa vile vile. Ukipata riba ya asilimia 8 na bei zimepanda kwa 6, faida yako ya kweli ni kama 2 tu. Mkupuo hukusaidia dhidi ya bei pale tu unapogeuzwa haraka kuwa kitu ambacho bei yake nayo hupanda: shamba, tangi la maji, ng'ombe wa maziwa, mashine ya kusaga. Ukichukua mkupuo kwa kuogopa bei kupanda, kisha ukauacha umelala, umekimbia mvua ukaingia mtoni.

Tundu kwenye mfuko

Hesabu zote tulizofanya zina dharau kidogo. Zinafikiri kwamba watu watajilipa Sh. 300,000 na kuacha zilizobaki bila kuzigusa. Sote tunajua mambo hayaendi hivyo.

Turudi kwa kikundi chetu, tena kwa hali nzuri kabisa ya asilimia 12. Lakini safari hii, katika mwezi wa kwanza, Sh. 500,000 zimeondoka. Kulikuwa na sherehe, sare mpya, mkopo kwa ndugu wa mwenyekiti, mchango wa matanga mawili, na kila jambo lilikuwa na sababu yake. Zimebaki 1,500,000. Sasa tujilipe mafungu kama kawaida. Yanafika mara sita tu. Mwaka wa saba tunakuta Sh. 234,031, na hapo ndio mwisho.

Tazameni vizuri. Wametumia robo ya pesa, lakini wamepoteza zaidi ya mafungu matatu kati ya kumi, pamoja na akiba yote ya mwisho. Pesa za mwanzo ndizo ambazo zingezaa kwa muda mrefu zaidi, kwa hivyo kuzila ni kula ng'ombe mwenye mimba. Kikundi hiki, chenye riba nzuri ya 12 na tundu mfukoni, kimefanya vibaya kuliko kile cha asilimia 8 kilichoshika nidhamu. Bandu bandu huisha gogo.

Jambo hili limechunguzwa. Katika jimbo la Florida huko Amerika, wataalamu walifuatilia washindi wa bahati nasibu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliwatazama waliopata kati ya dola 50,000 na 150,000, wakawalinganisha na walioshinda pesa kidogo tu. Katika miaka miwili ya kwanza, wale wa pesa nyingi walifilisika kwa uchache zaidi. Lakini kati ya mwaka wa tatu na wa tano walifilisika zaidi kuliko wenzao, mpaka tofauti ikaisha. Zawadi ilikuwa imeahirisha shida, haikuiondoa.

Je, mafungu yanaziba tundu hili? Kwa kiasi, ndiyo. Ukikosea mwaka huu, fungu la mwaka ujao bado linakuja. Lakini ulinzi huo huvunjika mara tu mtu anapoanza kukopa akitegemea fungu lijalo. Amerika kuna makampuni yanayonunua mafungu ya washindi kwa bei ya chini, yakiwapa taslimu leo. Kijijini jambo hilo huja kwa sura nyingine: deni la dukani linaloandikwa "hadi zawadi iingie". Ukiona madeni ya wanachama yanakua miezi miwili kabla ya fungu, jueni fungu limekwisha kuliwa.

Tumeonaje hapa Kenya

Zawadi za kulipwa kila mwaka si kawaida hapa kwetu. Lakini pesa za bure zilizotolewa kwa njia mbili tumeziona, tena vijijini. Kuanzia mwaka 2018 shirika la GiveDirectly liliwapa watu wa vijiji vya Siaya na Bomet pesa kwa mipango tofauti. Katika vijiji vingine kila mtu mzima alipata karibu Sh. 2,250 kila mwezi kwa miaka miwili. Katika vingine aliahidiwa kiasi hicho kila mwezi kwa miaka 12. Na katika vingine alipewa kwa mkupuo kiasi kinacholingana na ile miaka miwili.

Wachunguzi walipolinganisha, walikuta waliopata mkupuo wameanzisha biashara nyingi kuliko waliolipwa kila mwezi kwa miaka miwili. Kununua mashine au kujaza duka kunataka pesa nyingi pamoja. Lakini wale wa miaka 12 nao walianzisha biashara nyingi. Walifanyaje? Wengi walitia pesa zao za mwezi katika merigo-raundi, kila mmoja akapokea mkupuo wake kwa zamu. Walikuwa na uhakika wa kesho, kisha wakajitengenezea mkupuo wenyewe.

Hapo kuna fundisho kwa vikundi. Pesa zipewe kazi kabla ya kuchaguliwa njia. Kazi ya kununua kitu kikubwa inataka mkupuo. Kazi inayorudi kila mwaka, kama karo, chakula cha Januari au dawa za mzee, inataka mafungu. Lakini kumbukeni kwamba pesa za Siaya na Bomet zilikuwa kiasi ambacho mtu wa kijijini amezoea kukiwazia, bei ya ng'ombe mmoja au wawili. Mamilioni ni jambo jingine. Hakuna aliyezoea kuyashika, na ndugu wa mbali huyasikia haraka.

Anayetoa ahadi ni nani?

Fungu la mwaka wa tano ni ahadi tu mpaka lifike. Mwaka 2015 jimbo la Illinois lilikosa kupitisha bajeti. Washindi wa bahati nasibu ya jimbo waliodai zaidi ya dola 25,000 wakaambiwa wasubiri, na baadaye hata wale wa zaidi ya dola 600. Ilikuwa serikali, si kampuni ndogo. Kampuni ikiwaahidi mafungu ya miaka 10, ulizeni kwa maandishi: pesa hizo zimewekwa wapi leo? Kama hazijawekwa popote na kampuni inategemea mauzo yake ya kesho, chukueni mkupuo, hata kama hesabu ya riba inasema vingine.

Mkupuo nao una hatari ya mahali unapowekwa. Benki ikifungwa, bima ya amana ya Kenya humlipa mwenye akaunti hadi Sh. 500,000 katika benki hiyo. Zinazozidi husubiri mali ya benki iuzwe. Milioni mbili zisilale katika akaunti moja.

Njia ya katikati

Kikundi kinaweza kuchukua mkupuo na kujitengenezea mafungu. Kwa mfano, mkutano unaweza kuandika hivi kabla pesa hazijafika: Sh. 200,000 za furaha na dharura, Sh. 600,000 za mradi mmoja uliokwisha kufanyiwa hesabu, na Sh. 1,200,000 za bondi za serikali.

Bondi huuzwa na Benki Kuu ya Kenya kuanzia Sh. 50,000, na kwa kawaida hulipa riba kila miezi sita. Tuseme riba baada ya kodi ni asilimia 10. Kikundi kitapokea Sh. 60,000 kila nusu mwaka, na mwisho wa muda kirudishiwe 1,200,000 zake. Bondi inaweza kuuzwa kabla ya muda, lakini huchukua hatua kadhaa na unaweza kupata hasara. Usumbufu huo ni kufuli nzuri. Mtu hawezi kutoka mkutanoni saa kumi na kurudi na pesa saa kumi na moja. Kumbukeni tu kwamba bei zikipanda kwa asilimia 6, hizo 1,200,000 baada ya miaka 10 zitakuwa na nguvu ya karibu Sh. 670,000 za leo. Basi sehemu ya riba irudishwe kununua bondi nyingine.

Kufuli ya mwisho ni katiba yenu. Iandikwe kwamba pesa za bondi haziguswi bila theluthi mbili ya wanachama kukubali katika mikutano miwili, mwezi mmoja kati yake. Mweka hazina asome salio kila mkutano, hata kama halijabadilika. Siku salio lisiposomwa kwa sababu "tuna haraka", mwanachama mmoja asimame aulize.

Ya kujadili kikundini

1. Kila mmoja ataje jambo moja ambalo angefanyia sehemu yake. Katibu agawanye majibu: yapi ni ya mara moja, na yapi hurudi kila mwaka?

2. Pesa za kikundi chetu ziko wapi sasa, na mwaka jana zilizaa asilimia ngapi? Je, tungepita mpaka wa 10 na nusu?

3. Fanyeni hesabu upya: zawadi ni Sh. 1,000,000 leo, au Sh. 150,000 kila mwaka kwa miaka 10, fungu la kwanza leo. Jilipeni kwa asilimia 8, kisha kwa 12. Mmeona nini mkilinganisha na mfano wetu?

4. Mara ya mwisho kikundi kilipopata pesa nyingi pamoja, kiasi gani kilikuwa kimebaki baada ya miezi mitatu? Someni kitabu cha hesabu, msikumbuke kwa kichwa. Jibu hilo ndilo litakalowaambia mkupuo unawafaa ama la.